Mkeka wa mechi moja na odi iliyopandishwa: fungu la kampuni linajificha wapi

Wiki iliyopita mpwa wangu, anayeendesha bodaboda hapa Mtwara na kuegesha karibu na soko la Chikongola, aliniletea simu yake akiwa na hakika kwamba amedhulumiwa. Alikuwa amechagua Namungo ishinde nyumbani Ruangwa kwa odi ya 1.55, akaongeza mabao zaidi ya 2.5 katika mechi hiyohiyo kwa odi ya 1.97, na mkeka wa kampuni ya kubashiri ukamwonyesha 2.45, yaani dau lingerudi mara 2.45 kama yote mawili yangetimia. "Mjomba," akasema, "nikizidisha mwenyewe napata 3.05. Hiyo iliyobaki imekwenda wapi?" Kwa kuwa niliwahi kufanya kazi ya kupanga odi jijini Dar es Salaam kabla ya kurudi nyumbani kufundisha takwimu, nilimwambia kwamba sehemu ya tofauti hiyo ni halali kabisa na sehemu nyingine siyo, na kwamba ugumu wote uko katika kujua mpaka wa sehemu hizo mbili.

Tuanze na sehemu iliyo halali. Tuseme mechi kama hiyo, mwenyeji mwenye nguvu dhidi ya mgeni dhaifu, inachezwa mara 100. Kwa makadirio yangu, ambayo yanatokana na wastani wa mabao 1.8 kwa mwenyeji na 0.8 kwa mgeni, mwenyeji atashinda mara 61, na mabao yatazidi 2.5 mara 48. Kama matukio haya mawili yasingehusiana, yangetokea pamoja mara 29 hivi, kwa sababu tungechukua asilimia 48 ya zile 61. Lakini yanahusiana, kwa kuwa mabao mengi katika mechi ya namna hii hufungwa na yule yule anayetazamiwa kushinda, na ukihesabu matokeo moja baada ya jingine, 2-1, 3-0, 3-1 na kuendelea, utakuta yanatokea pamoja mara 36. Odi ya haki, yaani ile isiyomwachia mtu yeyote faida, ni 100 ukigawa kwa 36, ambayo ni 2.78.

Sasa ile 3.05 ya mpwa wangu inaonekana ilivyo. Mtu anayeweka shilingi 1,000 katika kila moja ya mechi hizo 100 angetoa shilingi 100,000 na kurudishiwa 109,800, na hakuna kampuni inayoweza kudumu kwa bei hiyo. Ndiyo maana zamani mfumo ulikukatalia kabisa kuunganisha machaguo mawili ya mechi moja, na ulipokuja kuruhusu, ulikuja na hesabu yake. Kompyuta hutengeneza jedwali la uwezekano wa kila matokeo, hujumlisha visanduku vinavyotimiza masharti yako yote kwa pamoja, kisha hupunguza odi ili kampuni ipate fungu lake.

Kushuka kutoka 3.05 hadi 2.78, basi, ni hesabu ya uhusiano. Kushuka kutoka 2.78 hadi 2.45 ni fungu la kampuni, na ni kubwa: mara 36 kwa odi ya 2.45 zinarudisha shilingi 88,200 katika kila 100,000, ilhali chaguo lolote kati ya yale mawili, likichezwa peke yake kwa odi niliyoitaja, linarudisha kama 94,500. Mchezaji haoni mpaka huo, kwa sababu kwenye skrini anaona tarakimu moja tu, na akielezwa kwamba odi imeshuka kwa kuwa matukio yanahusiana, anaelezwa jambo la kweli ambalo halimalizi swali lake.

Upande wa pili wa uhusiano ndio unaonisumbua zaidi, kwa sababu huko mchezaji huondoka akidhani amependelewa. Chukua mwenyeji kushinda pamoja na timu zote mbili kufunga, yale ambayo vijana huyaita GG. Katika mechi zetu 100, GG hutokea mara 46, na kampuni ingeweza kuiuza kwa 2.05. Hata hivyo bao la mgeni humpunguzia mwenyeji nafasi ya kushinda, kwa hiyo mambo haya mawili hutokea pamoja mara 24 tu, chini ya zile 28 ambazo kuzidisha kungekupa. Odi ya haki hapa ni 4.17. Ukizidisha 1.55 kwa 2.05 unapata 3.18, na mkeka ukikuonyesha 3.40 utafurahi kwamba umepewa zaidi, kumbe shilingi 100,000 zako zinarudi 81,600. Na ukishachagua mawili hayo, kuongeza mabao zaidi ya 2.5 hakuongezi chochote, kwa kuwa mwenyeji hawezi kushinda huku wote wakifunga bila kufikia angalau 2-1. Odi haipaswi kusogea hata kidogo kwa chaguo hilo la tatu, na ikishuka au kupanda, mfumo huo unakadiria uhusiano kwa mkato badala ya kuhesabu jedwali zima.

Sababu za fungu kuwa kubwa si siri kwa waliofanya kazi hii. Ya kwanza ni kwamba kampuni yenyewe haina hakika. Uhusiano wa ushindi na mabao unajulikana vizuri, lakini uhusiano wa kona, kadi za njano na mashuti ya mchezaji fulani unakadiriwa kwa data chache, hivyo kampuni hujiwekea akiba dhidi ya makosa yake, na akiba hiyo hukua kadiri machaguo yanavyoongezeka. Ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nzito, ni kwamba hakuna wa kulinganisha bei. Odi ya Namungo kushinda unaweza kuitazama katika kampuni tano kwa dakika mbili. Mchanganyiko wako wa mambo manne huenda hakuna mwingine aliyeutunga siku hiyo.

Odi iliyopandishwa inaingia hapo hapo, kwa kuwa kampuni hupenda kuipandisha ile odi ambayo mwanzo wake hukuweza kuupima. Wakikuandikia kwamba 2.45 imekuwa 2.60, kupanda ni kwa kweli, lakini marejesho ni shilingi 93,600, bado chini kidogo ya yale ya chaguo moja ambalo halikutangazwa popote. Zipo zinazovuka odi ya haki, nami nimewahi kuziandaa kwa mkono wangu ili kuvuta wateja wapya, na karibu zote ziliwekewa kikomo kidogo cha dau.

Kuna njia ya kupima, nayo inahitaji kalamu tu. Usiweke dau, tengeneza mikeka minne ya mechi hiyo hiyo inayomaliza uwezekano wote: mwenyeji ashinde na mabao yazidi 2.5, ashinde na yasizidi, asishinde na yazidi, asishinde na yasizidi, ukitumia X2 kwa kutoshinda. Nilipofanya hivyo na mpwa wangu tulipata 2.45, 3.50, 7.25 na 3.25. Gawa 1 kwa kila odi, kisha jumlisha.

```
1/2.45 + 1/3.50 + 1/7.25 + 1/3.25 = 1.14
```

Bei isiyo na fungu ingetoa 1 kamili. Kwa soko la kawaida la mechi hiyo, mabao zaidi ya 2.5 kwa 1.97 na pungufu yake kwa 1.82, jumla ilikuwa 1.06. Mpwa wangu alizitazama tarakimu hizo mbili kwa muda, kisha akaniomba tupime na ule mkeka wa GG aliokuwa ameuhifadhi kwa Jumamosi.