Kitenzi kwanza: namna ninavyoandaa ajenda ya kikao cha dakika 90

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa bodi ya chama kimoja cha akiba na mikopo, na katika ajenda ya mwezi mmojawapo niliandika kipengele cha 5 hivi: "Taarifa ya ukarabati wa ofisi." Meneja aliisoma taarifa yake kwa dakika 20, wajumbe wakauliza mawili matatu kuhusu mafundi na vifaa, mwenyekiti akasema taarifa imepokelewa, nasi tukaendelea na mengine. Ndani ya taarifa ile, katika ukurasa wa 3, kulikuwa na ombi la kuongeza shilingi milioni 6 kwenye bajeti. Meneja aliondoka akiamini kwamba bodi imeridhia, mkaguzi wa ndani akaja kuuliza azimio liko wapi, na kikao kilichofuata kilitumia zaidi ya saa nzima kubishana juu ya kile kilichokubaliwa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu kichwa nilichoandika hakikumwambia mjumbe yeyote afanye nini na taarifa ile.

Tangu hapo kila kipengele ninachoandika huanza na kitenzi, na vitenzi ninavyovikubali ni 3 tu: kuamua, kushauri na kupokea. Kuamua maana yake ni kwamba kipengele kikiisha pawe na azimio linaloweza kuandikwa kwenye kumbukumbu. Kushauri maana yake ni kwamba uamuzi utafanywa na mtu mwingine au siku nyingine, lakini anayeuandaa anahitaji maoni ya wajumbe kabla hajaendelea. Kupokea maana yake ni kwamba wajumbe wanapaswa kulijua jambo hilo na hawatakiwi kulifanyia lolote. Kitenzi "kujadili", ambacho kimejaa kwenye ajenda nyingi ninazoletewa nizikague, sikitumii kabisa, kwa kuwa mjadala ni njia tu ya kufikia jambo fulani, na mwenyekiti aliyeandikiwa "kujadili mikopo" hana namna ya kujua ni wakati gani kazi imekamilika.

Baada ya kitenzi huja swali lenyewe. Nitautumia mfano wa kikao cha mwezi Mei cha chama hicho hicho, chenye wajumbe 9 wa bodi, ambacho kwa desturi kilianza saa 4 asubuhi na kumalizika baada ya saa 8 mchana. Katika ajenda ya zamani kipengele kikubwa kingeandikwa "Mikopo chechefu" na kuachwa hivyo. Tulikiandika upya namna hii:

"Kuamua: Je, wakopaji 14 waliochelewesha marejesho kwa zaidi ya siku 90 waongezewe muda wa kulipa, au chama kianze kuwafuata wadhamini wao? Mtoa hoja: Meneja. Saa 4:15 hadi 4:50. Kabrasha namba 1, kurasa 2."

Mtu akisoma maneno hayo akiwa kwenye daladala anaanza kufikiri, na pengine anafika kikaoni akiwa na msimamo au angalau na swali zuri. Tena swali lililoandikwa hivyo humsaidia mwenyekiti kumrudisha kwa heshima mjumbe aliyeanza kuzungumzia riba au tabia za afisa mikopo, kwa kuwa mpaka wa jambo umeshachorwa na kila mmoja anauona mbele yake.

Muda nao sikuukisia. Watu wengi huandika dakika 10 au 15 kwa kuangalia uzito wa kichwa cha habari, kisha hushangaa muda usipofuatwa. Mimi huhesabu vinywa. Ikiwa jambo linahitaji kila mjumbe aseme, basi wajumbe 9 kwa dakika 2 kila mmoja ni dakika 18 kabla ya kitu kingine chochote. Juu yake nikaongeza dakika 3 za meneja kueleza anachoomba, dakika 7 za maswali ya ufafanuzi, na dakika 7 za kutunga azimio na kulisoma kwa sauti. Jumla ni dakika 35, na ndipo zilipotoka saa 4:15 hadi 4:50. Hesabu hii huonyesha mapema pia jambo lisilowezekana: ukiandika dakika 10 kwa uamuzi unaowagusa wajumbe wote 9, umempa kila mmoja dakika 1 na kidogo, na hapo ama watanyamaza wengi ama muda utapita.

Ninaandika saa yenyewe pamoja na urefu wa kipengele kwa sababu mjumbe akiona 4:50 huangalia ukutani na kujua tumefika wapi, ilhali maneno "dakika 35" humlazimu akumbuke tulianza lini. Anayeshika saa si mwenyekiti, ambaye kazi yake ni kusikiliza, bali ni mimi au mjumbe mmoja aliyeombwa. Zikibaki dakika 5 ninampa mwenyekiti kikaratasi. Muda ukiisha kabla ya azimio, mwenyekiti ana njia 3: kuwauliza wajumbe kama wako tayari kuamua kwa yaliyokwisha kusemwa, kulirudisha jambo kwa kamati husika likiwa na swali mahususi la kujibiwa kabla ya tarehe iliyotajwa, au kuongeza muda. Akichagua kuongeza, ni lazima ataje kipengele kitakachopunguziwa dakika hizo au kuahirishwa. Sharti hili dogo ndilo lililobadilisha mwenendo wa bodi kuliko jingine lolote, kwa sababu hapo awali dakika za nyongeza zilionekana kana kwamba hazina mwenyewe, na kumbe zilikuwa zikitolewa kwenye vipengele vya mwisho, ambavyo viliamuliwa na wajumbe waliochoka au waliokwisha kuondoka.

Sasa nije kwenye makabrasha, ambako vikao vingi huharibika kabla havijaanza. Kwa kikao cha Aprili tulikuwa tumetuma kurasa 46, usiku wa kuamkia kikao. Mtoa hoja alipoona nyuso za wajumbe alijua kwamba hawajasoma, akaanza kuisoma taarifa yake aya kwa aya. Wajumbe 2 waliokuwa wamesoma walikaa nusu saa wakisikiliza wanachokijua, na mwezi uliofuata nao hawakusoma, kwa kuwa waliona kwamba bidii yao haina faida. Uzembe wa watu hauelezi hali hiyo kikamilifu. Kila mmoja anafanya jambo la busara kwa nafasi yake, na matokeo yake ni kikao cha kusomeana.

Kwa hiyo tulibadilisha kabrasha lenyewe. La kuamua halizidi kurasa 2, na sentensi yake ya kwanza inaeleza bodi inaombwa nini. Kabrasha la mikopo lilianza hivi: "Bodi inaombwa kuamua kuhusu wakopaji 14 wenye deni la jumla ya shilingi 38,600,000." Aya ya pili iliwagawa: wakopaji 9 wenye deni la shilingi 21,400,000 ni wakulima wa mpunga waliokwisha kufika ofisini na kueleza kwamba watalipa baada ya mavuno, na wakopaji 5 wenye deni la shilingi 17,200,000 hawajajibu barua 2 walizoandikiwa. Zilifuata njia zilizokuwepo, faida na hasara ya kila moja, na mwisho kabisa azimio linalopendekezwa, likiwa limeandikwa kama litakavyosomeka kwenye kumbukumbu iwapo litapita. Aya zote zina namba, ili mjumbe aseme "aya ya 4" na wengine wafike hapo mara moja. Majina ya wakopaji hayakuandikwa, bali namba zao za uanachama, kwa sababu makabrasha siku hizi hutumwa kwa simu, na simu ya mjumbe hushikwa na watu wengi nyumbani.

Kikao kilikuwa Jumatano, na makabrasha yalitumwa Ijumaa iliyotangulia. Hata hivyo sikutegemea kwamba wote wangesoma. Tulitenga dakika 10 za kusoma kimya mwanzoni mwa kikao, kwa makabrasha 2 makubwa tu, yaani kurasa 4. Kwa kipimo changu mtu mzima asiye na haraka huhitaji kama dakika 2 na nusu kwa ukurasa mmoja. Utaratibu huu si uvumbuzi wangu: katika kampuni ya Amazon, Jeff Bezos alipiga marufuku slaidi kwenye vikao vya viongozi wake mwaka 2004, na mahali pake pakawekwa hati isiyozidi kurasa 6 ambayo wote huisoma kimya kabla ya kuanza kuzungumza. Kwetu wapo waliopinga, wakisema ni kupoteza dakika 10. Lakini baada ya kimya hicho meneja hakuwa na sababu ya kusoma chochote, na aliyekwisha kusoma nyumbani alitumia muda ule kupitia tena hesabu.

Dalili ya kwamba kabrasha limefanya kazi yake huonekana kwenye maswali ya ufafanuzi. Yakiwa yanaulizwa mambo yaliyomo kwenye ukurasa, ama halikusomwa ama limeandikwa vibaya. Wajumbe 3 wakiuliza swali moja, mimi hulaumu maandishi.

Vipengele vya kupokea, vikiwemo taarifa ya fedha ya mwezi na ya wanachama wapya, tuliviweka pamoja kwenye dakika 10 bila kusomwa, kwa masharti kwamba mjumbe yeyote anaweza, kabla ajenda haijathibitishwa, kuomba kimojawapo kitolewe humo na kuwekewa swali. Kama sharti hili lingekuwepo zamani, ombi la milioni 6 lingegunduliwa.

Utaratibu huu una mipaka. Siutumii kwenye mkutano mkuu wa wanachama, ambako mtu amesafiri kutoka kijijini kuja kusema lake na ana haki ya kusikilizwa, wala kwenye shauri la nidhamu, ambako kumkatiza mtuhumiwa kwa ajili ya saa ni kumdhulumu. Na kwenye bodi yetu alikuwepo mzee mmoja, miongoni mwa waasisi wa chama, ambaye hakuna kijana angethubutu kumwonyesha kikaratasi cha muda. Nilimwendea siku 2 kabla, nikamwamkia, nikampa kabrasha mkononi na kumwomba ushauri wake. Alizungumza nami karibu saa nzima, na kikaoni mwenyekiti alimpa nafasi ya kwanza. Alitumia dakika 4. Aliyoyasema kuhusu wakulima wa mpunga ndiyo yaliyoongoza azimio: wale 9 waliongezewa muda hadi tarehe 31 Agosti, na wadhamini wa wale 5 waandikiwe barua ndani ya siku 14.

Dakika 5 za mwisho, kuanzia saa 5:25, nilisoma maazimio yote kwa sauti, kila moja na mtekelezaji wake na tarehe. Mjumbe mmoja alinisahihisha: nilikuwa nimeandika "wadhamini wafuatwe", naye akasema bodi imeamua waandikiwe barua, na kufuatwa ni hatua nyingine itakayohitaji uamuzi wake. Nikalifuta neno hilo mbele yao. Kwenye ajenda ya Juni, kipengele cha yatokanayo kilibeba azimio 1 tu, lile ambalo tarehe yake ilikuwa imepita bila kutekelezwa, na kilipangiwa dakika 4.