Yuko mtandaoni, mbona hajibu?

"Namuona yuko mtandaoni WhatsApp, meseji yangu ina tiki mbili, na bado kimya. Ananichunia? Nimtumie nyingine?"

Hilo neno "mtandaoni" halisemi lolote kuhusu meseji yako. Linasema tu kwamba WhatsApp imefunguliwa kwenye simu au kompyuta yake, iko mbele kwenye skrini, na ina intaneti. Anaweza kuwa anasoma kundi la ukoo, anaangalia status za watu, anamtumia bosi picha ya risiti, au ameiacha simu mezani bila kuifunga skrini. Kwako wewe yote hayo yanaonekana kwa neno lile lile moja.

Watu wengi hudhani kuna njia moja inayoanzia "mtandaoni", inapita "ameiona", inafika "amepuuza". Ukweli ni kwamba hizi ni taarifa mbili tofauti, na zinatumwa kwa nyakati tofauti. Ya kwanza ni ya mtu: programu ikifunguliwa inaiambia seva "nipo", ikifungwa inasema "nimetoka". Ya pili ni ya meseji: kila meseji ina kumbukumbu yake ya kufika na kusomwa, na hiyo ndiyo tunayoiona kama tiki.

Chukulia nyumba ambayo taa ya sebuleni inaonekana kutoka barabarani. Ukiiona inawaka unajua kuna mtu ndani. Hujui kama yuko sebuleni, jikoni au bafuni, na hujui kabisa kama ameshaiokota ile barua uliyoipitisha chini ya mlango. Barua ina habari zake, taa ina habari zake. Tena taa inaweza kubaki inawaka kwa muda baada ya mwenyewe kuondoka. Mtandao ukikatika ghafla, tuseme basi limeingia sehemu isiyo na mnara, programu haikupata nafasi ya kusema "nimetoka", kwa hiyo seva hukaa kidogo kabla ya kutambua kwamba hayupo.

Sasa tuitazame meseji moja. Neema yuko Morogoro, anamwandikia Baraka aliye Dodoma: "Kesho unakuja na gari la saa ngapi?" Anaituma saa 1:40 usiku. Inakaa na tiki moja ya kijivu, maana yake imefika kwenye seva lakini haijafika kwenye simu ya Baraka. Bando lake limeisha. Saa 1:52 ananunua jingine, tiki zinakuwa mbili za kijivu. Meseji imeshaingia kwenye simu, na arifa imetokea juu ya skrini. Baraka anaisoma hapo hapo kwenye arifa bila kufungua chati. Ameshaielewa, ila tiki haziwi za bluu, kwa sababu bluu husubiri chati yenyewe ifunguliwe.

Saa 1:55 Neema anamuona yuko mtandaoni. Hapa ndipo kidole kinapowasha. Kumbe Baraka yuko kwenye kundi la kamati ya harusi, wanabishana kuhusu ukumbi, na meseji zimerundikana. Saa 2:31 ndipo anaifungua chati ya Neema. Tiki zinageuka bluu, inaonekana anaandika, kisha kimya tena. Ameanza kujibu, akagundua hajui ratiba ya magari, akatoka kwenda kumpigia wakala.

Neema akiibonyeza ile meseji kwa muda kisha akagusa Info, ataona muda ilipofika na muda iliposomwa, 19:52 na 20:31 kwa saa ya simu. Hiyo ndiyo taarifa pekee ya kusoma aliyo nayo, na hata hiyo ina mipaka. Kinachorekodiwa ni kwamba chati ilifunguliwa, hakuna anayejua macho yalikuwa wapi. Mtu anayetumia WhatsApp kwenye kompyuta ya ofisini, chati yako ikiwa ndiyo iliyo wazi mbele, anaweza kukupa bluu huku anazungumza na mteja. Upande wa pili, aliyezima Read receipts atasoma meseji zako zote na zitabaki kijivu milele. Tiki za bluu zilikuja Novemba 2014, watu wakalalamika sana, na uwezo wa kuzizima ukaanza kutolewa mwezi huo huo. Kwa hiyo kijivu hakithibitishi kwamba hajasoma, kama ambavyo bluu haithibitishi kwamba amepuuza.

Tuseme Neema ameshindwa kuvumilia, na saa 1:56 ametuma "Mbona kimya?" Kwenye simu ya Baraka idadi ya meseji ambazo hazijafunguliwa inatoka moja kuwa mbili, na arifa inalia upya. Basi. Akifika kwenye chati atakuta ya mwisho ni "Mbona kimya?", na hiyo ndiyo atakayoijibu: "Samahani, niko na watu wa harusi." Swali la gari limezikwa juu yake. Nadhani hii ndiyo hasara kubwa ya meseji ya pili, kuliko ile aibu tunayoihofia: inambadilishia mwenzako jambo la kujibu.

Kama ingekuwa bado tiki moja, ya pili isingesaidia hata kidogo. Zote mbili zingekaa kwenye foleni ile ile ya seva, ambako meseji isiyofika huhifadhiwa hadi siku 30 kisha hufutwa. Jambo likiwa la haraka, piga simu ya kawaida au tuma SMS, kwa sababu hizo hazihitaji bando la intaneti. Na kama ulichotaka ni kuongeza neno ulilosahau, ihariri ile ya kwanza ndani ya dakika 15 tangu uitume. Kuhariri hakumpigii kengele mpya. Kufuta ni kubaya zaidi, kwa sababu kunaacha alama kwamba kulikuwa na meseji ikafutwa, na hapo ataanza kujiuliza ilisema nini.

Meseji ya pili ina haki yake pale inapobeba habari mpya. "Nimeambiwa la saa 12 limejaa" ni habari. "Upo?" si habari.

Lile hamu la kutuma linalishwa na kuchungulia. Kila ukifungua chati yake, programu yako inaiuliza seva kama yupo, na neno "mtandaoni" linakurudisha pale pale. Kuna njia ya kuikata kwenye Settings, Privacy. Kwenye Last seen and online, ukichagua kwamba asione mtu yeyote kama upo, nawe huoni kama wengine wapo. Ukizima Read receipts, hupokei bluu za wenzako. Sharti hilo liliwekwa ili kuleta usawa, lakini kwa anayesubiri jibu ni nafuu kubwa: anabaki na meseji aliyoituma na tiki za kijivu tu, hana cha kuchungulia. Fahamu tu kwamba haligusi kila kitu. Kwenye makundi taarifa za kusoma zinaendelea kutumwa hata ukizizima, na ujumbe wa sauti ukiusikiliza, aliyeutuma ataona maikrofoni imegeuka bluu.