Muchanga yenye inachemka chini ya shimo: hesabu ya kufanya mbele ya kuchimba tena

Siku moja mu mwezi wa pili, katikati ya mvula, banatupigia simu mu labo yetu ya udongo hapa Lubumbashi mapema asubui: "Injenyere, mukuye mbio, shimo yetu inachemka." Ilikuwa shantye ya nyumba ya pompi, mu bonde karibu na mto Kafubu, na vile tunafika tunaona kweli, mu kona ya shimo kuko kama chungu ya bukari yenye inaanza kuiva, mayi inatoka chini inainua muchanga, na muchanga inajipanga pembeni kama kakilima kadogo kenye tundu katikati. Mutumikaji mumoja alikuwa amebakisha bote moja mule. Mugulu ilitoka, bote ikabakia.

Masoni alikuwa anasema ni source, tumeangukia source, tuweke tu motopompi ingine ya nguvu. Ndugu zangu, hapo njo pa kuchunga sana, juu motopompi ya pili ingefanya mambo ikuwe mubaya zaidi, na nitaeleza ni juu ya nini.

Batu banazani kuko aina fulani ya muchanga yenye inameza mutu. Hapana, muchanga ni ile ile yenye tunajengea. Punje zake zinasimama juu zinakandamizana kwa uzito yao, na ule uzito njo unakupa nguvu ya kukanyaga pale. Sasa mayi ikipita katikati yazo ikipanda, inazisukuma juu, na ikisukuma na nguvu yenye inalingana na uzito yao mu mayi, punje zinaachana, hakuna tena kukandamizana, hakuna nguvu, muchanga inakuwa kama uji muzito. Mayi ikikata kupanda, inarudia kuwa muchanga ya kawaida.

Ile kipimo ya kuachana tunaitaka gradiyani kritiki. Gradiyani ni hivi: mayi inapoteza metre ngapi ya musukumo mu kila metre ya udongo yenye inapita. Na ile kritiki ni uzito wa udongo mu mayi, ugawanye na uzito wa mayi:

```
ic = (γsat - γw) / γw
```

Metre kibe moja ya muchanga yenye imejaa mayi inakuwa na uzito karibu 20 kN, njo γsat, mayi yenyewe karibu 10 kN, njo γw, kwa hiyo ic, ile gradiyani kritiki, ni karibu 1. Muchanga yenye haikushikana muzuri inaweza shuka mpaka 0.85 hivi, njo maana tunaomba batuletee sampuli mbele ya kuhesabu.

Turudie kwa shimo yetu. Plani ilisema kuchimba metre 3. Pembeni banapiga palplanshi, zile bati nene za chuma zenye zinashikana, mpaka metre 5, maana yake zimeingia metre 2 chini ya kitako ya shimo. Mayi ya udongo ilikuwa metre 1 chini ya uso, na ndani ya shimo motopompi inashikilia mayi pale pale ku kitako, kwa hiyo tofauti ya mayi ya inje na ya ndani ni metre 2. Mayi inashuka inje ya palplanshi, inazunguka ku ncha yake, inapanda ndani.

Sasa pale ku ncha musukumo inabakia ngapi? Bengine banagawanya tu tofauti kwa urefu wote wa njia, metre 4 kushuka na metre 2 kupanda, inatoa 0.33 kwa kila metre, kwa zile metre 2 za kupanda ni 0.67, lakini ile inadanganya, juu mayi haipotezi musukumo sawa sawa mu njia yote, na mu shimo nyembamba kama yetu ya metre 2 na nusu upana, mayi yote inajibana kupitia ndani. Sisi kwa shimo ya vile tunachukua nusu ya tofauti kuanzia, na mu makona inaweza kupita nusu. Basi ni metre 1. Njia ya Karl Terzaghi, ya tangu 1922, inaangalia kipande cha udongo kenye kimegusa palplanshi: urefu wake ni ile yenye palplanshi imeingia, upana wake nusu ya ile, na inauliza kama uzito wake mu mayi inashinda musukumo wa mayi chini yake. FS ni mara ngapi inashinda, D ni ile urefu yenye palplanshi imeingia, na h ni musukumo yenye inabakia ku ncha, ile metre 1.

```
FS = ic × D / h = 1 × 2 / 1 = 2
```

Mbili ni muzuri, sisi hatupendi ishuke chini ya 1.5. Kwa hiyo plani haikukosea.

Kosa ilikuja kisha. Posho, batu banaona fondasio ya pompi inaomba nafasi, banachimba sentimetre 50 zingine, bila kuuliza mutu. Inaonekana kintu kidogo, lakini angalia vile inakata pande mbili kwa mara moja: udongo wa kushikilia unashuka kutoka 2 kuja 1.5, na tofauti ya mayi inapanda kutoka 2 kuja 2.5, nusu yake 1.25. FS inakuwa 1.2. Usiku wa yenga mvula ikanyesha mpaka mayi ya udongo ikafika ku uso, tofauti sasa 3.5, nusu yake 1.75, na 1.5 ugawanye na 1.75 ni 0.86. Chini ya 1 udongo haushikilii tena, na ikaanzia mu kona, pale pale mayi inatoka pande mbili.

Njo maana motopompi ingine ni hatari: ukitosha mayi zaidi ndani, unaongeza tofauti, unavuta muchanga na nguvu. Na ile muchanga inatoka wapi? Inatoka nyuma ya palplanshi. Siku ile inje tayari kulikuwa na ufa mu udongo, metre 1 hivi kutoka ku shimo, na hapo karibu banaweka lori ya sima.

Tuliwaambia bazime motopompi, batu batoke, bawache mayi ipande ndani ya shimo. Mwenye shantye alilia sana na kazi yake, namuelewa, lakini mayi yenye ilipanda ilikata kuchemka mu saa moja. Kisha tukaweka chujio: muchanga munene chini, kokoto juu, jumla sentimetre 50. Usiweke udongo wa mufinyanzi ku tundu, juu unafunga mayi na musukumo unaongezeka mpaka inatobokea fasi ingine. Kokoto inaacha mayi ipite, inazuia muchanga. Na uzito wake, karibu 9 kN kwa metre kare, unaongezeka ku 15 ya udongo, njo metre 1.5 mara 10, inafanya 24, ugawanye na musukumo 17.5, njo metre 1.75 mara 10, tunafika 1.37. Ilikuwa bado kidogo, basi tukangojea mayi ya udongo ishuke, kwa visima vidogo vya kuvuta mayi inje ya palplanshi, mbele ya kukausha tena.

Kintu kimoja cha bei kidogo tuliwaachia: tiyo ya PVC yenye matundu ku ncha, imefungwa na kitambaa, imeshuka ndani ya shimo mpaka usawa wa ncha ya palplanshi. Mayi yenye inapanda mu tiyo juu ya kitako ya shimo njo ile h ya kweli, haiko tena ya kukisia nusu nusu. Kwa udongo wa metre 1.5 tukapiga rangi mbili ku tiyo, ya manjano ku metre 1, ya nyekundu ku metre 1.5, na chef wa shantye anapita kuangalia asubui na kisha kila mvula: mayi ikigusa manjano hakuna mutu anachimba, ikikaribia nyekundu batu banatoka na motopompi inazimwa.