Kiporo cha wali na kalori zinazodaiwa kupotea

Dhana: Wali uliolala kwenye friji hubaki na nusu ya kalori.

Jirani yangu wa Ngamiani, hapa Tanga, anaiamini hii kwa dhati. "Mwanangu, kiporo hakinenepeshi," huniambia asubuhi, "kikilala wanga wake hufa." Kisha anajiongezea upawa mwingine.

Ukweli: Wanga haufi. Wali ukipoa, nyuzi za wanga zilizofumuliwa na maji ya moto hujipanga upya na kushikamana. Vimeng'enya vya utumbo mwembamba hushindwa kuvunja baadhi yake, nazo hupita zilivyo hadi utumbo mpana. Huo ndio wanga sugu, na upo kweli. Suala ni kiasi.

Utafiti wa Indonesia uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta gramu 0.64 za wanga sugu katika kila gramu 100 za wali uliotoka jikoni, na gramu 1.65 katika wali uliokaa kwenye friji saa 24 kisha ukapashwa moto. Ongezeko ni kama gramu 1. Hata hiyo haiendi bure, maana bakteria wa utumbo mpana huichachua na mwili hupata takriban kalori 2 badala ya 4.

Chukua sahani ya jirani yangu, gramu 300, yenye kalori kama 390. Ina gramu 3 za ziada za wanga sugu, kila moja ikipunguza kalori 2. Jumla anaokoa kalori 6. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kina 40, na yeye kiporo hukikaanga!

Hiyo "nusu" ilisambaa mwaka huohuo wa 2015, pale watafiti wa Sri Lanka walipoeleza kuhusu kupika wali kwa mafuta ya nazi na kuupoza. Yalikuwa makadirio ya maabara, si vipimo vya watu waliokula.

Dhana: Ukiupasha moto, wanga sugu wote unayeyuka.

Ukweli: Sehemu yake huyeyuka, lakini ile iliyoshikamana sana huhitaji joto la karibu nyuzi 150, na sufuria yenye maji haifiki huko. Viazi navyo ni hivyohivyo. Faida inayoonekana zaidi ni kwenye sukari ya damu: katika utafiti ule wa Indonesia, watu 15 wenye afya walipokula wali uliopashwa, sukari haikupanda kama walipokula wali mpya.

Dhana: Kuuacha sufuriani usiku kucha ni sawa na friji.

Ukweli: Hapa ndipo ninapogombana na jirani. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus huvumilia kupikwa, na kwenye joto letu la pwani huamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Saa chache baada ya kula, mtu anatapika. Wali hautoi harufu mbaya kukuonya. Utandaze kwenye sinia upoe upesi, uingie kwenye friji ndani ya saa moja, uliwe kesho yake.