“Iwe ya kuvutia na ya kitaalamu”: dhana potofu kuhusu kuielekeza programu ya kuandika upya

Kazi yangu ni uhariri, na siku hizi sehemu kubwa ya matini zinazonifikia zimeshapita kwenye programu ya akili mnemba. Mteja huniambia, “Nimeiambia iandike upya, lakini bado haijakaa sawa, hebu inyooshe.” Nikimwomba anionyeshe alichoiambia, huwa ni mstari mmoja: andika vizuri, kwa lugha rahisi, ya kuvutia na ya kitaalamu. Mstari huo nimeuona mara nyingi mno, kwa hiyo nitaanza nao na nitakaa nao muda mrefu.

Dhana: Sifa za kutosha ni maelekezo ya kutosha

Ukweli ni kwamba “ya kuvutia” haiiambii programu kitu. Kuvutia nani? Tangazo la harusi huvutia, na onyo la kipindupindu lililoandikwa vizuri huvutia pia, lakini hayafanani hata kidogo. Programu ikikosa mfano huchukua wastani wa yale iliyofunzwa nayo, na humo Kiingereza kimejaa kuliko Kiswahili. Ndiyo maana unapata Kiswahili chenye maneno yetu na mifupa ya watu wengine: “tunayo furaha kubwa kukujulisha”, “usisite kuwasiliana nasi”, “katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi”.

Chukua tangazo la SACCOS ya watumishi wa wilaya, la aina ninayoipokea kila mara. Matini ya katibu ni hii:

> Wanachama wote mnaarifiwa kuwa kuanzia tarehe 1 Julai maombi ya mkopo wa dharura yatapokelewa dirishani siku za Jumatatu na Alhamisi pekee. Mwombaji atatakiwa kuwa na wadhamini 2 wasio na mkopo uliochelewa, na marejesho yatakatwa kwenye mshahara kwa muda usiozidi miezi 6.

Ukiipa programu matini hiyo pamoja na zile sifa tatu, utaletewa kitu cha namna hii:

> Mwanachama mpendwa, tunayo furaha kubwa kukujulisha kuhusu maboresho katika huduma yetu ya mkopo wa dharura! Kuanzia tarehe 1 Julai, unaweza kuwasilisha ombi lako kwa urahisi kila Jumatatu na Alhamisi. Utahitaji wadhamini wawili wenye rekodi nzuri ya kifedha. Marejesho ni nafuu, hadi miezi 6. Usisite kuwasiliana nasi!

Wengi hapa hulalamikia mtindo tu. Mimi naona makosa mazito zaidi. “Pekee” imepotea, kwa hiyo mtu atafunga safari Jumatano na kukuta dirisha limefungwa. “Atatakiwa” imekuwa “utahitaji”, imelegea. “Wasio na mkopo uliochelewa”, sharti ambalo ofisa mikopo hulikagua kwenye daftari, limegeuka “rekodi nzuri ya kifedha”, ambayo kila mtu anaweza kudai anayo. Kukatwa kwenye mshahara hakutajwi kabisa. Na habari yenyewe ni kwamba siku za huduma zimepungua. Furaha imetoka wapi? Imetoka kwenye neno “kuvutia”. Programu imetii ulichoagiza.

Sasa iagize upya kwa vitu vitatu: sampuli, wasomaji, na sauti.

Sampuli ni tangazo la zamani la SACCOS hiyohiyo ambalo meneja alilipenda na wanachama walilielewa bila kupiga simu ofisini. Tuseme ni hili: “Ndugu mwanachama, daftari la hisa litafungwa Ijumaa saa 9 alasiri. Ukilipa baada ya hapo, hisa zako zitahesabiwa mwezi ujao. Leta stakabadhi ya benki. Picha ya simu haikubaliki.” Sentensi nne hizo zinabeba mambo ambayo ungeshindwa kuyaeleza kwa sifa: jambo lenyewe linatangulia, matokeo ya kutolifuata yanafuata, kisha mtu anaambiwa alete nini. Msomaji ni mmoja, si “wanachama wote”. Saa ni ya Kiswahili. Hakuna alama ya mshangao.

Wasomaji waeleze kwa wanachokijua na wanachotakiwa kufanya. Umri na jinsia havisaidii sana hapa. Mimi ningeandika: “Ni walimu wa msingi na wauguzi. Watalisoma kwenye simu, katika kundi la WhatsApp, wakiwa kazini. Wanajua maana ya mdhamini, hisa na marejesho, usiwafafanulie. Hawajui kwamba siku zimepunguzwa. Wakimaliza kusoma wajue siku ya kuja na wadhamini wa kutafuta.” Sehemu ya “usiwafafanulie” ni muhimu, kwani bila hiyo programu hupenda kueleza mdhamini ni nani, na mwalimu aliyedhamini wenzake miaka mingi ataona anadharauliwa.

Sauti iandike kama masharti yanayoweza kukaguliwa kwa macho. “Sauti ya kirafiki” haikaguliki. Haya yanakaguliwa: sentensi isizidi maneno 20, “ndugu mwanachama” mara moja mwanzoni, baada ya hapo nafsi ya pili umoja, kizuizi kisemwe wazi kuwa ni kizuizi, maneno “lazima”, “pekee” na “usiozidi” yabaki na nguvu yake, namba, tarehe na majina visiguswe. Ukitaka kukataza kitu, taja na badala yake: “Usifunge kwa ‘usisite kuwasiliana nasi’, funga kwa kusema aende dirisha gani, au usifunge kwa lolote.” Katazo tupu huziba tundu moja, na programu hutokea kwa jingine: ukikataza “tunayo furaha” peke yake utapewa “tunapenda kukujulisha”.

Kwa maelekezo hayo, matokeo yanakaribia hivi:

> Ndugu mwanachama, kuanzia tarehe 1 Julai maombi ya mkopo wa dharura yatapokelewa Jumatatu na Alhamisi pekee. Ukija siku nyingine, ombi lako halitapokelewa. Lazima uwe na wadhamini 2 wasio na mkopo uliochelewa. Marejesho yatakatwa kwenye mshahara wako kwa muda usiozidi miezi 6. Leta stakabadhi ya benki.

Hapo kazi iliyobaki ni ndogo, ila ipo. Stakabadhi ya benki imetoka wapi? Kwenye matini ya katibu haimo. Imevuja kutoka kwenye sampuli. Hiyo ndiyo hatari kubwa ya sampuli, na dawa zake ni mbili. Kwanza, tenga sehemu kwa vichwa vya wazi, SAMPULI, WASOMAJI, SAUTI, MATINI, na chini ya sampuli uandike: “Hii ni kwa mtindo tu. Usichukue habari yoyote humu.” Pili, toa sampuli mbili zenye mada tofauti, kwa mfano moja ya hisa na nyingine ya mkutano mkuu. Kinachofanana kati yake ni mtindo tu, hivyo programu inapata ugumu wa kudhani kwamba stakabadhi ni sehemu ya sauti yenu.

Na kama unacho, kuna kitu kinachoshinda hata sampuli nzuri: aya moja ya kabla na baada. Ipe programu rasimu mbaya uliyowahi kuirekebisha kwa mkono wako, kisha toleo ulilolipitisha. Jozi hiyo huonyesha unakata nini na unaacha nini, jambo ambalo matini iliyokamilika haiwezi kulionyesha. Nawaambia wateja wasifute rasimu zao za zamani, nao wanaendelea kuzifuta.

Dhana: Sampuli ikiwa ndefu ndiyo bora

Mtu anabandika ripoti nzima ya mwaka. Ndani mna hotuba ya mwenyekiti, maelezo ya mahesabu na shukrani kwa wafadhili, na kila sehemu imeandikwa na mtu wake. Programu inachanganya sauti zote hizo, na hatari ya habari kuvuja inaongezeka. Vipande viwili au vitatu vya aya moja hadi mbili, vya aina ileile ya kazi unayoitaka, vinatosha kwa tangazo au barua. Hakikisha tu kwamba vimeandikwa na mtu. Ukitoa sampuli iliyotoka kwenye programu, unairudishia mazoea yake yaleyale.

Dhana: Wasomaji wangu ni watu wote

Hapana. Hata tangazo la maji la mtaa mzima lina mtu unayemlenga, yule atakayepata hasara asipolielewa. Mwandikie huyo.

Dhana: Programu imeshanizoea

Baadhi ya programu zina sehemu ya kuhifadhi kumbukumbu kukuhusu, lakini usijenge ofisi juu yake. Ukifungua mazungumzo mapya, chukulia kwamba haijui sampuli zako. Akiitumia mwenzako kwa akaunti yake, haijui lolote. Weka maelekezo kwenye faili moja fupi, ukurasa mmoja, na ulibandike kila mara kabla ya matini. Majina ya wanachama na kiasi cha mikopo yao visiingie kwenye sampuli. Andika “mwanachama A” inatosha.

Dhana: Ikikosea, niendelee kuirekebisha palepale hadi ikae sawa

Hapa watu hupoteza jioni nzima. Wanaanza na “fupisha”, wanakuja na “hapana, rudisha ile aya”, kisha “punguza ukali”. Mazungumzo yanakuwa na matoleo mengi yanayopingana, nayo programu huyachukua yote, mabaya yakiwemo, kuwa sehemu ya inachofuata. Nikiona nimerekebisha kosa lilelile mara ya pili, naacha. Narudi kwenye faili, naongeza sharti moja au nabadilisha sampuli, nafungua mazungumzo mapya. Na kama kazi ni ndefu, naijaribu kwa aya moja ngumu kwanza, ile yenye masharti na namba, kabla ya kuikabidhi kurasa 10.

Dhana: Maelekezo mazuri yanaondoa haja ya kusoma tena

Yanapunguza marekebisho ya mtindo, lakini hayathibitishi ukweli. Programu inaweza kukupa sentensi tamu yenye tarehe isiyo sahihi. Weka matini ya awali kushoto na mpya kulia, uanze na vitu vidogo: namba zote, tarehe zote, kisha “pekee”, “isipokuwa”, “lazima”, “kabla ya”, “usiozidi”. Kagua saa kwa jicho kali, maana “saa 3 asubuhi” huweza kurudi ikiwa imehesabiwa Kizungu na watu wakafika dirishani kwa wakati usio wao. Angalia upatanisho wa ngeli katika sentensi zilizounganishwa upya, hasa nomino ilipobadilishwa na kitenzi kikabaki na kiambishi cha zamani. Mwisho tafuta sentensi ambayo haina mzazi kwenye matini ya awali, kama ile ya stakabadhi, na uifute bila kuijadili.