Maji yanapopita njia ya hewa

"Bibi amepata kiharusi. Uji mzito anameza, lakini maji yanampalia. Maji si ndiyo mepesi kuliko vyote?"

Ndivyo alivyoniuliza mtu anayemuuguza bibi yake. Nami niliamini hivyo. Babu yangu wa Makorora, Tanga, alipopooza upande wa kulia, nilimnywesha chai ya rangi kwa kijiko. Hakukohoa hata mara moja, nikaridhika. Kumbe nilikosea mara mbili: wepesi wa maji ndio hatari yenyewe, na kutokohoa si ushahidi kwamba mtu amemeza salama.

Kumeza huanzia mdomoni, tunapotafuna na ulimi kusukuma tonge nyuma. Huishia kwenye umio, unaolibana tonge taratibu hadi tumboni. Hatari iko katikati, kooni, kwa muda wa kama sekunde 1 tu, pale njia ya chakula inapokatana na njia ya hewa.

Fikiria reli inapokata barabara. Magari ni pumzi, treni ni tonge, na geti lazima lifungwe kabla treni haijafika. Weka kidole shingoni umeze mate: utasikia kikoromeo kikiruka juu. Wakati huohuo pumzi husimama, kidakatonge huinama kufunika njia ya hewa, nyuzi za sauti hukutana, na mlango wa umio hufunguka. Amri hutoka kwenye shina la ubongo, likisaidiwa na pande zote mbili za ubongo wa juu. Kiharusi kikiharibu sehemu ya mtandao huo, misuli hulegea na geti huchelewa. Uji mzito hujikokota, kwa hiyo geti huwahi. Maji hayangoji, yanateremka njia ya hewa ikiwa bado wazi, yakaelekea mapafuni.

Kwa kawaida tungekohoa. Lakini kiharusi huweza pia kufisha hisia za koo, mtu akapaliwa kimyakimya. Babu baada ya chai alikuwa na sauti ya majimaji, kama anayeongea na mate kooni. Dalili ilikuwa hiyo, nami sikuijua. Siku ya tatu akapata homa, akahema harakaharaka: nimonia.

Ndiyo maana mgonjwa wa kiharusi hupimwa umezaji kabla ya kupewa chochote mdomoni, hata dawa. Wengine hushauriwa vinywaji vilivyofanywa vizito. Hivyo hupunguza kupaliwa, ila ushahidi kwamba huzuia nimonia ni hafifu, na wapo wanaovichukia wakanywa kidogo hadi kupungukiwa maji mwilini.

Wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache, kwa kuwa upande wa ubongo usiodhurika hujifunza kushika kazi. Babu alirudia chai wiki ya nne, baada ya kupimwa tena: ameketi wima, funda moja moja, na kila funda tukimwomba aseme "aaa" tuisikilize sauti.