Nyonga Imenyamaza, Haijapona

Kuna siku niliyasikia tena maneno yale yale ninayoletewa kliniki. Nyanya mmoja alikuja kutoka Lamu na bintiye na mjukuu wa miezi mitano. Wamevuka kwa boti hadi Mokowe kabla ya alfajiri, wakapanda basi la Witu na Garsen mpaka hapa Malindi. Akaketi, akajitanda leso vizuri, akaniambia kwa furaha: "Nyonga yake ilikuwa ikialika alipozaliwa, mwanangu, kila tukimwogesha ka, ka. Tukamkanda, tukamnyoosha, ikanyamaza. Tumekuja tu kwa kuwa huyu mamake asema nepi haifungiki sawa."

Nilijua nitakachokikuta kabla sijamshika mtoto.

"Nyonga ikialika ni mbovu, ikinyamaza imepona"

Sentensi hii ina makosa mawili, kila upande moja. Nitaanza na upande usio na madhara.

Kualika ni sauti nyembamba, kavu, kama ya mtu anayealisha vidole. Mara nyingi hutoka kwenye kano inayopita juu ya mfupa, au hata si nyongani, ni gotini. Kichwa cha paja kimetulia ndani ya kikombe chake, hakijasogea hata kidogo. Watoto wengi ninaoletewa kwa sababu ya sauti hiyo hawana ugonjwa wowote. Bado nataka kuwaona, kwa sababu sikio la mzazi haliwezi kutofautisha, lakini wengi hurudi nyumbani na maziwa yao na amani yao.

Ninachokitafuta mimi hakisikiki kwa sikio. Kinasikika mkononi. Mtoto analazwa chali, ameshiba, ametulia, nepi imetolewa. Nyonga zinakunjwa hadi digrii 90 na ninapima moja baada ya nyingine. Kidole gumba kiko ndani ya paja, cha kati kiko nje juu ya lile fundo la mfupa. Nikilifungua paja polepole huku nikilinyanyua mbele, nyonga iliyokuwa nje hurudi ndani, nami nahisi kitu kizito kimevuka, kama kichwa cha mchi kilichopanda ukingo wa kinu kisha kikatumbukia. Hicho ndicho kipimo alichokieleza Ortolani, daktari wa watoto wa Italia, mwaka 1937. Cha Barlow, daktari wa Uingereza, cha mwaka 1962, ni kinyume chake: paja linaletwa ndani na kusukumwa kwa upole kuelekea kitandani, kuona kama nyonga iliyo ndani inaweza kutoka. Kwa upole, narudia. Si mchezo wa kujaribiwa na kila shangazi anayekuja kumwona mzazi, maana ukiisukuma kila siku nyonga iliyolegea unaizoesha kutoka.

Sasa upande wa pili wa sentensi ile, unaonitia uchungu. Kwa nini nyonga hunyamaza? Kuna sababu mbili, na hazifanani kabisa. Ya kwanza ni kwamba kano zimekaza na nyonga imetulia ndani. Barlow mwenyewe alikuta mtoto mmoja katika kila 60 anazaliwa na nyonga isiyo thabiti, na zaidi ya nusu yao wakatulia wenyewe katika wiki ya kwanza. Kufika miezi miwili, karibu 9 katika kila 10 walikuwa wametulia. Hao ndio wanaompa mkandaji jina.

Sababu ya pili ni kwamba kichwa cha paja kimetoka moja kwa moja. Kikipita mwezi wa pili au wa tatu kikiwa nje, misuli ya kinena hufupika, kikombe kilichobaki kitupu hujaa mafuta na nyama, na kichwa kinajipatia makao mapya huko juu. Hakiingii tena, hakitoki tena. Kwa kuwa hakuna kinachovuka ukingo, hakuna mrukio, na hata vipimo viwili nilivyovieleza havionyeshi kitu. Nyonga iliyoharibika zaidi ndiyo iliyo kimya zaidi. Nanyi mnakuja kunipa habari hiyo mkitabasamu!

Basi mjukuu yule. Ni msichana, kifungua mimba, na alikaa tumboni makalio chini hadi siku ya upasuaji. Hapo tayari ana mambo matatu yanayoongeza uwezekano. Nyonga iliyoalika ilikuwa ya kushoto, na upande huo ndio huugua zaidi. Alipimwa siku aliyozaliwa wakaambiwa warudi wiki ya sita. Hawakurudi, kwa sababu baada ya arobaini ile sauti ilikuwa imekwisha.

Nilimlaza kwenye godoro gumu, nikakunja magoti yote mawili, nikayafungua. Paja la kulia lilikwenda chini mpaka likakaribia godoro. La kushoto lilifika nusu ya njia, kama digrii 45, likagoma, na mtoto wala hakulia. Kisha nikazisimamisha nyayo zake pamoja juu ya godoro, magoti yakitazama dari: goti la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia. Nilimwita mama aje asimame miguuni pa mtoto aone kwa macho yake. Nyanya naye akainama akatazama, akanyamaza. Eksirei ilithibitisha kwamba nyonga ya kushoto imetoka, maana katika umri huo mifupa imekomaa kiasi cha kuonekana. Siku za mwanzo sehemu kubwa ya nyonga ni gegedu, ambalo eksirei hailioni, ndiyo maana mtoto mchanga hupigwa picha ya altrasaundi, na wakati mzuri ni kati ya wiki ya nne na ya sita.

Kama angekuja wiki ya sita, angevishwa mikanda ya Pavlik. Ni mikanda laini ya kitambaa inayopita mabegani na kushuka hadi miguuni, inayomkalisha mtoto magoti yamekunjwa na mapaja yamefunguka kidogo, kama chura. Huvaa saa zote, anabadilishwa nepi akiwa nayo, wiki sita hadi kumi na mbili, na watoto wengi wa umri huo hawahitaji kitu kingine. Kwa kuwa alikuja ana miezi mitano, tuliijaribu, lakini wiki tatu zilipita na picha ikaonyesha kichwa bado kiko nje, tukaiacha. Mikanda isiyorudisha nyonga haiachwi mwilini kwa matumaini, kwa sababu kichwa kinachogandamizwa nyuma ya kikombe kinazidi kuukwangua ukingo. Akapelekwa hospitali ya rufaa, akalazwa usingizi, nyonga ikarudishwa kwa mkono, akafungwa plasta kuanzia kifuani hadi miguuni. Miezi mitatu, na katikati yake analazwa usingizi tena kubadilisha plasta. Ninyi mnaoijua Lamu mwezi wa pili, fikirieni joto lile na plasta ile. Wanaokuja baada ya mwaka na nusu, kwa kawaida hupasuliwa, wengine na mfupa hukatwa na kupangwa upya.

"Lakini kumkanda kuna ubaya gani?"

Kumpaka mafuta ya nazi na kumsugua hakuna ubaya. Ubaya ni kuivuta miguu hadi inyooke na kuifunga imebanana ndani ya leso, eti asije akawa na matege. Mtoto mchanga ameumbwa miguu imekunjwa. Kuinyoosha kwa nguvu kunasukuma kichwa cha paja nje ya kikombe ambacho bado ni kifupi. Wajapani walikuwa wakifunga watoto hivyo hivyo, na mwaka 1975 wakaanza kampeni ya kuwafundisha wazazi waache miguu iwe huru. Nyonga zilizotoka zikapungua sana. Mfungeni mikono na kifua mkitaka, miguu ipate nafasi ya kukunjwa na kupanuka.

Na wale wanaonong'ona kwamba mbeleko ndiyo inayotegua nyonga wamekosea kabisa. Mtoto aliyebebwa mgongoni, mapaja yamekumbatia kiuno cha mama, yuko katika mkao ule ule tunaoutafuta kwa mikanda. Bebeni.

"Mikunjo ya paja hailingani, kwa hiyo nyonga imetoka"

Watoto wengi wazima wana mikunjo isiyolingana. Kama mapaja yanafunguka sawa na magoti yako sawa, mikunjo peke yake hainisumbui.

"Miguu yote iko sawa, kwa hiyo hakuna shida"

Hapa huwa nasita kidogo, kwa sababu mara nyingi ni kweli. Lakini zikitoka nyonga zote mbili, magoti yatalingana na hakuna upande mzima wa kulinganisha nao. Kwa hiyo msitazame tu kama zinalingana, tazameni zinafunguka kiasi gani. Mtoto wa miezi mitatu au minne ambaye mapaja yake hayafiki digrii 60, yote mawili, anaangaliwa.

"Amezaliwa kwa upasuaji, nyonga haikuumia"

Nyonga haiumizwi na njia ya kutokea. Tatizo ni zile wiki za mwisho alizokaa makalio chini, miguu imenyooshwa mbele ya uso. Aliyekaa hivyo apigwe altrasaundi kufika wiki ya sita hata kama mikono yangu imemwona mzima siku ya kwanza.

"Mfungie nepi mbili"

Hazisaidii. Nyonga iliyolegea haishikwi na nepi mbili, na iliyo nzima haizihitaji. Kinachofanywa na ushauri huu ni kumpa mama kazi ya kufua huku wiki zikipita.

"Mikanda ikilegea, kaza mwenyewe"

Tafadhali, hapana. Mapaja yakifunguliwa kwa nguvu kupita kiasi, damu inayokwenda kwenye kichwa cha paja hukatika, na kichwa kilichokosa damu hufa sehemu, hasara kubwa kuliko ugonjwa tuliokuwa tukiutibu. Yakikunjwa kupita kiasi, mshipa wa fahamu unaopita mbele ya kinena hubanwa. Ndiyo maana tunawaita kila wiki na kurekebisha wenyewe kadiri mtoto anavyokua. Mama wa mtoto aliyevaa mikanda namfundisha jambo moja la kutazama kila akimbadilisha nepi: je, bado anapiga teke na kulinyoosha goti? Asubuhi moja ukiona goti halinyooki tena kwa nguvu zake mwenyewe, usisubiri miadi ya wiki ijayo. Piga simu, uje siku hiyo hiyo.